Frigo inakula uniti ngapi kwa mwezi? Hesabu iliyomaliza ugomvi wa kashi pawa

"Mama, iyi frigo yako iko nakula kuran yetu yote!"

Hivyo ndivyo bayere wetu alivyoianza asubuhi ile, mkononi ameshika karatasi ya daftari la mtoto. Tunakaa nyumba tatu kwenye kiwanja kimoja hapa Goma, na mita ya kashi pawa ni moja. Kila mwezi tunachanga, mtu anatumwa kununua uniti, na kila zinapoisha kabla ya siku lazima apatikane mkosaji. Safari hiyo mkosaji alikuwa jirani yangu, mama anayeuza maji baridi na sukre mlangoni kwake. Karatasi ilisema frigo yake peke yake inakula dola 27 kwa mwezi, kwa hiyo azilipe zote yeye.

Hesabu ya bayere haikuwa na kosa la kuzidisha. Nyuma ya frigo kuna kibandiko kimeandikwa 150 W. Frigo haichomolewi usiku wala mchana, kwa hiyo akachukua saa 24. Wati 150 mara saa 24 mara siku 30, gawanya kwa 1000, unapata uniti 108. Uniti moja kwetu ni robo dola. Jumla dola 27, imetoka safi kabisa.

Ila mwezi ule kiwanja kizima kilikuwa kimetumia uniti 120. Kama frigo ilikula 108, zilibaki 12 za nyumba tatu kwa siku 30: taa zote, televisheni mbili, simu, pasi, na resho ya umeme inayopikia chai kila alfajiri. Hiyo ni chini ya nusu uniti kwa siku, na resho peke yake inaimaliza kabla chai haijachemka mara ya pili. Kwa hiyo kuna namba iliyoingia kwenye karatasi ile ikiwa na uongo ndani yake, na haikuwa bei.

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapotelea. Wati ni kasi ya kula umeme, namna mota au taa inavyokula wakati huohuo inapofanya kazi. Uniti ni kiasi kilicholiwa baada ya muda kupita. Kitu cha wati 1000 kikiwaka saa moja kimekula uniti moja. Taa ya wati 10 lazima iwake saa 100 ndipo ifikishe uniti hiyohiyo. Mita haikudai wati, inakudai uniti, kwa hiyo ukiwa na wati bila saa huna kitu chochote cha kulipa. Hesabu nzima ni mstari mmoja:

wati × saa kwa siku × 30 ÷ 1000 × bei ya uniti

Kwa pasi au resho mstari huu hausumbui, kwa sababu unajua umewasha saa ngapi. Kwa frigo unasumbua, kwa sababu saa unazoziona wewe si saa inazozila yenyewe.

Waliokulia karibu na ziwa wataelewa upesi. Fikiria mtumbwi uliotoboka kidogo. Maji yanaingia taratibu, wewe una ndoo, unakumba mpaka sakafu ikauke, unapumzika, maji yakijaa tena unarudi kukumba. Frigo ni mtumbwi huo. Joto la nje linapenya ndani kupitia kuta na mlango, na mota iliyo chini kwa nyuma ndiyo inayolikumba na kulitupa nje kupitia ile wavu nyeusi ya mgongoni. Ndani kukifika baridi uliyopanga, mota inazima. Ule mngurumo unaousikia usiku kisha unanyamaza, ndiyo zamu ya kukumba na zamu ya kupumzika. Wati za kwenye kibandiko zinakwambia ukubwa wa ndoo. Hazisemi lolote kuhusu tundu, na aliyepanda mtumbwi anachoka kwa sababu ya tundu, si ya ndoo. Mwenye ndoo kubwa humaliza mapema akakaa.

Basi saa za kuweka kwenye mstari wetu si saa ambazo frigo imechomekwa ukutani. Ni saa ambazo mota inanguruma. Bayere aliweka 24, kana kwamba mota haipumziki kabisa.

Nilimwomba atupe siku chache kabla ya kukusanya pesa. Akakubali kwa shingo upande, akaniambia, "Sawa kijana, ila usinihesabie kishule."

Jambo la kwanza lilikuwa kujua wati za kweli. Kibandiko huandika kiasi cha juu, na mara nyingi ndani yake wamejumlisha taa na vitu vingine visivyowaka muda wote. Wengine wanaona 0.9 A kwenye kibandiko, wanazidisha kwa 220, wanapata 198 na kushika kichwa. Usifanye hivyo kwa mota. Sehemu ya umeme unaopita kwenye waya wa mota huenda na kurudi bila kuliwa, na mita ya nyumbani haiuhesabu huo.

Mita yenyewe ndiyo mizani. Kwenye uso wake kuna kitaa chekundu kinachokonyeza, na pembeni yake pameandikwa, kwa mita yetu, 1000 imp/kWh. Maana yake kikikonyeza mara 1000 imepita uniti moja. Jioni moja tuliomba kila nyumba izime kila kitu kwa dakika tano tu, ikabaki frigo ya mama ikinguruma. Nikashika simu, nikahesabu. Kilikonyeza mara 10. Kila konyezo ni sehemu moja ya elfu ya uniti, dakika tano zinaingia mara 12 kwenye saa, kwa hiyo kwa saa nzima yangekuwa makonyezo 120. Wati 120, si 150. Mita yako ikiwa imeandikwa 1600, gawanya 1000 kwa 1600 kwanza, halafu zidisha kwa makonyezo uliyohesabu. Vinginevyo utamwonea mtu.

La pili lilikuwa saa za mngurumo. Hapa hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya saa na subira. Mama aliweka kipande cha karatasi juu ya frigo na kalamu, na kila mota ilipoanza au kunyamaza aliandika dakika, asubuhi, mchana na jioni, huku akiendelea kuuza. Zamu hazikulingana. Mchana wateja wakifungua mlango kila mara, mota ilikaa sana kazini, na alfajiri ilikaa kimya mpaka mtu akadhani imekufa. Kwa wastani ilinguruma dakika 18 ikapumzika dakika 27. Ukijumlisha ni 45, na 18 katika 45 ni asilimia 40. Asilimia 40 ya saa 24 ni saa 9 na dakika 36.

Sasa mstari wetu una namba za kweli. Wati 120 mara saa 9.6 ni 1152, yaani uniti 1.15 kwa siku. Kwa siku 30 zinakaribia uniti 35. Kwa robo dola, ni dola 8 na senti 64.

Dola 27 zimekuwa karibu 9.

Bayere hakuridhika, na sikumlaumu. Mtu akikuletea namba iliyopungua mara tatu, una haki ya kuuliza imepungulia wapi. Jumapili, wakati wote tuko kanisani, tukashusha swichi za nyumba nyingine zote, ikabaki frigo ya mama peke yake. Saa mbili asubuhi mita ilionyesha 41.72. Saa nane mchana ilionyesha 41.46. Saa sita zimekula uniti 0.26, kwa siku nzima ingekuwa 1.04. Imepungua kidogo kuliko ile 1.15, na lazima ipungue, maana Jumapili asubuhi hakuna mteja aliyefungua mlango. Njia hii ya kusoma mita mwanzo na mwisho ni bora kuliko ya kusikiliza mota kama unaweza kuzima vingine vyote. Kwa frigo za kisasa ambazo mota yake haizimi bali inapunguza kasi, ndiyo njia pekee inayofaa, kwa sababu hakuna zamu za kusikiliza. Hata zile zisizoshika barafu zinaihitaji: ndani zina waya wa moto unaowaka muda mfupi kuyeyusha barafu, na wakati huo mota inakuwa kimya huku mita ikikimbia.

Kuhusu bei ya uniti, usiichukue mdomoni mwa mtu. Goma ina zaidi ya msambazaji mmoja wa umeme, na bei yako inaweza isilingane na ya mtaa wa pili. Ichukue kwenye risiti au ujumbe ulioleta zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata. Sisi tulilipa dola 10 tukapata uniti 40, ndiyo hiyo robo dola, kodi ikiwa humohumo. Kama risiti ina mstari wa ada ya mwezi au deni linalokatwa, itoe kwanza kabla ya kugawanya. Hilo ni deni la kiwanja, frigo haihusiki nalo.

Kuna swali ambalo kila ninapoeleza hesabu hii linakuja: je, nikiizima usiku, si nitalipa nusu? Rudi kwenye mtumbwi. Ukilala bila kukumba, maji hayaachi kuingia. Asubuhi unayakuta yote yanakusubiri. Frigo iliyozimwa usiku kucha hupata joto ndani, na asubuhi mota inanguruma bila kupumzika mpaka ilirudishe deni. Unaokoa kidogo tu, kwa sababu ndani kukishapata joto, joto la nje linapenya kwa uvivu zaidi. Nafuu hiyo ni ndogo, na unailipia kwa maziwa yaliyochacha na sambaza wanaonuka.

Kwa sababu hiyohiyo, umeme unaokatika hauleti nafuu ambayo watu wanaidhani. Ndugu aniambia, "Kwetu umeme unakaa saa 14 tu, basi nitapiga hesabu kwa saa 14." Hapana. Mota itafanya ndani ya saa 14 karibu kazi ileile ya siku nzima, itapunguza tu mapumziko. Umeme ukirudi, ngoja kama dakika tano kabla ya kuchomeka frigo. Mota iliyosimama ghafla bado ina presha ndani, ikilazimishwa kuanza papo hapo inavuma bila kuzunguka, inapata moto, na huko ndiko mota nyingi zinakofia.

Na maji ya kuuza? Wengi walimhukumu mama kwa hayo: "Anapakia chupa za moto kila siku, lazima ile." Tuhesabu hilo nalo. Lita 20 za maji zikishushwa kutoka nyuzi 20 hadi 5, joto linalotolewa ni sawa na theluthi moja ya uniti. Lakini mota haitengenezi baridi, inahamisha joto tu, na kwa umeme kidogo inaweza kuhamisha joto jingi kuliko umeme iliokula. Kwa frigo ya kawaida, lita hizo 20 zitagharimu takriban uniti 0.2, yaani senti tano za dola. Mlango unaoachwa wazi wakati mteja anachagua kati ya sukre nyekundu na ya njano ni wa kuchunga pia, ingawa nao si jini ambalo watu wanalifanya.

Kinachobadilisha hesabu kwelikweli ni tofauti ya joto kati ya nje na ndani. Goma tuko juu, karibu mita 1,500, na hewa yetu ya nyuzi 20 ni zawadi kwa mwenye frigo: ndani kukiwa na 5, tofauti ni nyuzi 15 tu. Dada yangu yuko Lubumbashi. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashuka, mchana unapita nyuzi 30. Jikoni kwake kukiwa na 32, tofauti ni nyuzi 27, karibu mara mbili ya yetu. Frigo ileile, kibandiko kilekile, bei ileile, na bado mota yake haitapumzika kama ya hapa. Kwa hiyo usichukue hesabu ya mtu wa mji mwingine ukaileta kwako.

Sasa nikiri jambo. Wakati wote huo mimi nilikuwa natembea kifua mbele, kwa sababu frigo yangu ni ndogo, ya okaziyo, na kibandiko chake kinasema 90 W. Nilidhani ya mama ikitoa dola 9, yangu itatoa tano. Nikaweka karatasi juu yake kama alivyofanya yeye, nikasubiri niandike zamu ya kwanza ya kupumzika. Saa moja ikapita. Saa mbili. Nikalala, nikaamka usiku wa manane, bado inanguruma.

Haikuwa na zamu. Wati 90 mara saa 24 ni uniti 2.16 kwa siku, karibu 65 kwa mwezi, dola 16 na senti 20. Ndoo ndogo, na tundu kubwa. Frigo yangu ya wati 90 ilikuwa inakula karibu mara mbili ya ile ya 150 iliyotukanwa kiwanja kizima. Bahati yangu, mwezi uleule wa karatasi nilikuwa sijainunua bado.

Mota isiyonyamaza ina sababu chache, na zinatafutwa kuanzia ile ya bei rahisi. Nilianza kwa kitufe cha baridi, labda mtu alikizungusha mpaka mwisho. Hapana, kilikuwa katikati. Nikachukua noti ya franka 500, nikaibana kwenye mlango, nikaivuta. Mlango mzima unatakiwa uishike noti kidogo. Juu na ubavuni ulishika. Chini, upande wa bawaba, noti ilitoka kama hakuna mlango. Mpira wa mlangoni ulikuwa umekakamaa na kupasuka, na kipande cha barafu kilichoganda ndani pale pembeni kilikuwa kinanionyesha njia ambayo hewa ya jikoni ilikuwa ikipitia siku zote. Nikageuza frigo nikaangalia wavu ya mgongoni. Anayejua vumbi letu, lile jeusi la mawe ya volkano linaloingia hata ndani ya mto wa kulalia, hahitaji nimweleze. Lilikuwa limeivalisha wavu koti. Joto lililokumbwa lilikuwa halina pa kutokea, na zaidi ya hapo nilikuwa nimeisukuma frigo mpaka ikagusa ukuta.

Nilichomoa, nikasugua kwa brashi kavu, nikaacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Fundi akaleta mpira mwingine, akaukata kwa kipimo cha mlango. Kesho yake karatasi ikaanza kujaa: dakika 20 inanguruma, 25 kimya. Uniti 2.16 zikashuka hadi 0.96 kwa siku, dola 7 na senti 20 kwa mwezi. Kama mota ingeendelea kunguruma baada ya hayo, na ndani hakupoi vizuri, ningejua gesi imepungua, na hapo brashi haisaidii, ni kazi ya fundi wa baridi.

Tulikaa tena na bayere, safari hii kwenye viti. Frigo ya mama, uniti 35. Alitaka kujua, basi, kati ya zile 120, 85 zilizobaki zilikwenda wapi. Tukaanza na kitu chenye wati nyingi zaidi kwenye kiwanja, resho. Chini yake pameandikwa 1000 W, nayo haina zamu za kupumzika kama za frigo. Tukamuuliza mke wake huwa inawaka muda gani. Akasema chai asubuhi, na jioni kuchemsha maji ya watoto kuoga, kama saa moja na nusu kwa siku.

Uniti moja na nusu mara siku 30 ni 45. Bayere alichukua kalamu mwenyewe, akaandika dola 11 na senti 25, akaitazama kwa muda, kisha akamwambia mkewe aulize bei ya gunia la makala.